Imeili ya asante na ile kasoro waliyoitaja

Kuna ushauri husemwa: "Ukitoka intavyu ya paneli tuma asante tupu, ukigusa ile kasoro waliyotaja utawakumbusha."

Inaeleweka, lakini kwa kawaida wanapaneli huandika wasiwasi wao kwenye fomu ya alama ukiwa bado umekaa hapo mbele yao, uliza mtu yeyote amewahi kukaa upande ule wa meza. Kwa hivyo huwakumbushi kitu, heri uijibu. Sema wamekuuliza utaweza aje peiroli ya watu 200 na umezoea 40, jioni hiyo ukiwa kwa matatu andika:

"Asanteni kwa muda wenu. Kuhusu peiroli, msimu wa vibarua nilishika watu 150 kwa miezi 3, nikilinganisha jumla na benki kabla ya kulipa."

Hapo tosha, aya tatu zinasomeka kama kujitetea. Na kama alama zilishafungwa siku hiyohiyo, haitabadilisha kitu.