Kukagua lokesheni si kwenda kuitazama

Mtu anasema, "Lokesheni tumeshaikagua," ukimuuliza amerudi na nini anafungua simu na kukuonyesha picha arobaini. Nzuri kweli, lakini hazisemi chochote kuhusu kelele, umeme wala choo.

Kukagua lokesheni ni kwenda mahali palipochaguliwa, kabla ya siku ya kurekodi filamu au mahojiano, ili kujua kama kazi itafanyika pale. Kutafuta lokesheni ni kazi nyingine na huja kwanza: hapo unauliza kama mahali panafaa hadithi. Mtafutaji anaweza kwenda peke yake na kamera. Mkaguzi huenda na wa sauti na wa taa, hata kama timu nzima ni watu wanane.

Neno tunalolitumia kwa kazi hii, skauti, lenyewe linatusuta. Waingereza walilipata kwa Kifaransa cha zamani, escouter, lililotoka kwenye Kilatini auscultare, na maana yake ni kusikiliza. Skauti wa asili alikuwa mtu wa masikio. Leo ukaguzi umekuwa wa macho peke yake, na sauti ndiyo inayoharibu siku nyingi zaidi, kwa sababu haionekani pichani.

Tuseme mnarekodi mahojiano sebuleni, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Nendeni siku ya wiki ileile na saa zilezile, maana shule ya jirani hainyamazi siku za kazi kama inavyonyamaza Jumapili. Zima simu, funga madirisha, vaa hedifoni zilizounganishwa na maiki mtakayotumia, kisha kaa kimya dakika tano. Piga kofi moja katikati ya chumba: likirudi na mlio mkali, sakafu ya vigae na kuta tupu zinadai mazulia na mablanketi mazito.

Friji ndiyo laghai mkubwa. Mota yake hunguruma, ikanyamaza, ikaanza tena, kwa hiyo ukiingia wakati imenyamaza utaandika "chumba kimetulia". Tafuta soketi yake na uombe ruhusa ya kuizima wakati wa kurekodi. Siku yenyewe, weka funguo za gari ndani ya friji. Hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha.

Umeme nao hauonekani kwa macho. Chumba chenye soketi sita si chumba chenye umeme mara sita. Zote zinaweza kuwa kwenye breka moja. Chukua taa tatu za wati 1,000 kila moja. Wati 3,000 ukigawanya kwa volti 230 unapata ampea 13, na breka ya ampea 16 inazibeba. Halafu wa mavazi anachomeka pasi ya wati 2,000 chumba cha pili, kwenye mkondo uleule. Sasa ni karibu ampea 22. Huenda breka isikate papo hapo, kwa kuwa mzigo uliozidi kiasi huipasha moto taratibu, na ndiyo maana hukata katikati ya jibu wakati hakuna aliyegusa kitu. Kwenye ukaguzi, chomeka taa ndogo soketi moja baada ya nyingine, mwenzako akizima breka moja moja, kisha uandike ipi inazima ipi. Pasi itapewa mkondo wake.

Mwanga una hesabu nyepesi zaidi. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo dirisha la mashariki linalomulika uso wa mgeni saa 3 asubuhi halina miale tena saa 8 mchana, na majibu mawili yaliyounganishwa yataonekana ya siku mbili tofauti. Shika dira, andika dirisha linatazama wapi, uamue mapema: pazia na taa zenu, au maswali mazito yaishe kabla ya adhuhuri.

Njia ya kuingilia ipimwe kwa futi ya mkononi: upana wa mlango, kona ya ngazi, mahali pa gari kushushia mizigo, na nani ana ufunguo saa 12 asubuhi. Na choo kifunguliwe, maji yavutwe, huku wa sauti akisikiliza kutoka sebuleni, maana bomba linalopita ukutani husikika vizuri sana kwenye maiki. Kama choo kiko dakika tano kwa mguu, kila anayekwenda anapotea dakika kumi, bila kuhesabu foleni. Watu wanane wakienda mara moja moja tu, ni dakika 80 za kazi.

Kwa hiyo picha arobaini ni kazi halali ya mtafutaji. Ukirudi nazo peke yake, sema tu, "Lokesheni tumeiona, ukaguzi bado."