Rosh Hashana: mwaka mpya wa mwezi wa saba, na pembe inayolia

Ukiingia katika sinagogi la Wayahudi washika sheria asubuhi ya Jumamosi, tarehe 12 Septemba 2026, siku ya kwanza ya mwaka wao wa 5787, utaingoja sauti ya pembe mpaka uchoke. Haitalia. Mpulizaji atakuwapo, sala itakuwa ya Rosh Hashana, watu watakuwa wamevaa nguo zao bora, na pembe itabaki kimya hadi kesho yake. Sababu nitaifikia. Nimeanza na kimya hiki kwa kuwa wengi wetu sikukuu hii tunaijua kwa pembe tu, na pembe yenyewe tunaijua nusunusu. Basi hapa nazipima dhana zilizozoeleka, moja baada ya nyingine.

Dhana: Rosh Hashana ni siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza

Jina halina utata. "Rosh" ni kichwa, ndugu wa "ras" ya Kiarabu iliyotupa rasi zetu za pwani, na "shana" ni mwaka. Kichwa cha mwaka. Ila siku yenyewe ni tarehe 1 Tishri, na Tishri ni mwezi wa saba ukihesabu kuanzia Nisani, mwezi wa kutoka Misri, ambao kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinauita wa kwanza. Walawi sura ya 23 inaamuru siku hiyo iwe ya mapumziko na ya ukumbusho wa mlio, basi. Haiiti mwaka mpya.

Mwaka mpya tunaukuta katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika mnamo mwaka 200 BK, na huko haupo mmoja bali iko minne: 1 Nisani kwa miaka ya wafalme na mzunguko wa sikukuu, 1 Eluli kwa zaka ya mifugo, 1 Tishri kwa kuhesabu miaka, na mmoja wa miti katika mwezi wa Shevati. Mswahili asishangae. Kwetu watu husherehekea tarehe 1 Januari, mwaka wa Kiislamu ukaanza Muharamu, Makunduchi wakauoga Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, na serikali zikafungua bajeti tarehe 1 Julai, na hakuna anayeuliza upi ndio wa kweli.

Dhana: shofari ni tarumbeta, na pembe yoyote yafaa

Tarumbeta ni ya chuma. Hekaluni zilikuwapo za fedha, lakini hizo ni kitu kingine. Shofari ni pembe ya mnyama, na sheria imechagua aina. Ya ng'ombe haifai. Ya paa dume wa Ulaya, yale matawi magumu yanayoanguka kila mwaka, haifai pia, kwa kuwa ni mfupa mtupu na hauna uwazi ndani. Pembe ya kondoo, mbuzi au swala imejengwa vingine: nje ni gamba la kitu kilekile cha kucha, ndani ni kiini cha mfupa. Pembe huchemshwa au kuachwa ikauke, kiini kikatoka, ncha ikanyooshwa kwa moto na kutobolewa. Hakuna kilimi wala kipande cha kupulizia cha dhahabu. Midomo ya mpulizaji ndiyo inayotetema. Wanaoijua siwa ya Lamu watakumbuka kwamba ile hupulizwa ubavuni. Shofari hupulizwa kwenye ncha nyembamba, na pembe ikipasuka kwa urefu, kazi yake imekwisha.

Inayopendwa zaidi ni ya kondoo dume, kwa kumbukumbu ya yule aliyenaswa kichakani akachinjwa badala ya Isaka. Musa bin Maimuni, mwanazuoni mkubwa wa karne ya 12, alisema haifai nyingine yoyote. Cha kuchekesha ni kwamba Wayahudi wa Yemeni, waliomfuata huyo kuliko karibu jamii nyingine yoyote, ndio waliosifika kwa shofari ndefu iliyojipinda ya tandala mkubwa, mnyama wa huku kwetu Afrika. Desturi ina miguu yake.

Dhana: mlio wake haujabadilika tangu Musa

Hapa ndipo palinivuta mimi. Torati inataka mlio uitwao terua, na wanazuoni walielewa kwamba uwe mara tatu, kila mmoja ukitanguliwa na kufuatwa na tekia, mlio mmoja mrefu ulionyooka. Tatu mara tatu, milio tisa. Kazi ingekwisha kwa dakika chache.

Tatizo: terua yenyewe inaliaje? Tafsiri ya Torati kwa Kiaramu iliweka neno lenye maana ya kilio. Wakatafuta mahali pengine neno hilo linapotumika, wakalipata katika Waamuzi 5:28, pale mama yake Sisera anapochungulia dirishani akimngoja mwanawe arudi kutoka vitani, asijue kwamba ameshauawa. Analia. Na Sisera alikuwa adui, jemadari aliyewatesa Waisraeli miaka 20. Kwa hiyo kipimo cha mlio mtakatifu kikawa kilio cha mama wa adui, na Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inalisema hilo bila kuona haya.

Basi, mama huyo alilia vipi? Je, alipiga kite, pumzi nzito zenye kukatika? Huo ni mlio wa vipande vitatu, shevarimu. Au alilia kwa kwikwi fupifupi zisizokoma? Huo ni wa vipande tisa au zaidi, ndio unaoitwa terua leo. Au alianza na kite akaishia kwenye kwikwi? Rabi Abahu wa Kaisaria hakuchagua. Aliamuru yote matatu yapigwe. Hesabu yake ni hii: tekia, shevarimu, terua, tekia ni milio minne, mara tatu ni 12. Tekia, shevarimu, tekia ni mitatu, mara tatu ni tisa. Tekia, terua, tekia ni tisa nyingine. Jumla 30. Baadaye desturi ikagawa na kurudia milio hiyo ndani ya sala hadi kufika 100, nayo ndiyo idadi utakayoisikia katika masinagogi mengi leo. Milio yote hiyo imezaliwa na shaka moja iliyokubaliwa wazi.

Dhana: baraka iko katika kupuliza

Siku hizi shofari zinauzwa mitandaoni, na kuna mikutano ya maombi inayozipuliza kama silaha ya kufukuzia mapepo. Wanavyofanya ni shauri lao, ila sheria ya Kiyahudi haisemi hivyo. Dua inayotangulia inamshukuru Mungu aliyeamuru "kusikia sauti ya shofari". Wajibu uko sikioni.

Kwa sababu hiyo Mishna inajadili mambo ambayo mwanzoni yanaonekana ya ajabu. Mtu akipuliza ndani ya shimo, je, aliye juu amesikia pembe au mwangwi? Akisikia pembe ametimiza, akisikia mwangwi hajatimiza. Na mpita njia aliyesikia akiwa nyuma ya sinagogi? Akiwa amekusudia moyoni kusikia kwa ajili ya wajibu, ametimiza. Kama alikuwa anapita tu, hapana, hata kama masikio yake ni mazima kama ya mwenziwe. Kutokana na hapo marabi wengi washika sheria husema kusikia kupitia redio au simu hakutoshi.

Sasa kile kimya cha tarehe 12. Kupuliza si kazi iliyokatazwa Sabato. Talmudi inakuita ujuzi tu. Hofu ni nyingine: mtu asiyejua kupuliza asije akabeba pembe yake njiani akamfuate fundi amfundishe, maana kubeba kitu njiani siku ya Sabato ndiko kulikokatazwa. Hekaluni walipuliza hata Sabato. Hekalu lilipobomolewa mwaka 70, Yohanani bin Zakai alitaka Yavne, palipokuwa na baraza la wanazuoni, wapulize vilevile. Wengine wakasema tujadili kwanza. Akawajibu: tupulize, halafu tutajadili. Walipokwisha kupuliza wakamwambia, haya, tujadili. Akasema pembe imeshasikika Yavne, na jambo likishatendeka halirudishwi. Ujanja huo haukuenea, na leo washika sheria karibu kila mahali wananyamaza siku ya Sabato. Jumapili tarehe 13, siku ya pili ya sikukuu, watapuliza milio yote. Baadhi ya jumuiya za kiliberali zitapuliza Jumamosi hiyohiyo.

Dhana: ni siku kumi za kufunga na kuomboleza

Siku kumi ni zile za kuanzia Rosh Hashana hadi Yom Kipuri, siku ya upatanisho. Mbili za kwanza ni Rosh Hashana yenyewe, na hizo ni za kula: tofaa katika asali, mkate wa mviringo, komamanga. Katika Nehemia sura ya 8, siku hiyohiyo, watu walipolia waliambiwa waende wakale vinono na kunywa vitamu. Inayofuata, 3 Tishri, ni saumu ya mchana kwa kumbukumbu ya liwali Gedalia aliyeuawa. Mwaka huo itakuwa Jumatatu tarehe 14. Saumu kubwa ni Yom Kipuri, tangu jioni ya tarehe 20 hadi usiku wa tarehe 21. Siku za katikati watu huenda kazini.

Dhana: Yom Kipuri inafuta kila dhambi

Mishna inakata: kati ya mtu na Mungu, siku hiyo inapatanisha, kati ya mtu na mwenziwe, haipatanishi mpaka amridhishe. Neno lao la toba, teshuva, maana yake ni kurudi, na kurudi kunaanzia mlangoni kwa mtu.

Chukua mfano. Nilikopa kwa jirani shilingi 50,000, nikakana, tena nikamwita mwongo mbele ya watu. Kwa maelezo ya Musa bin Maimuni, kurudisha fedha ni sharti lakini hakutoshi, lazima nimwombe radhi. Akikataa, niende na rafiki zake watatu wamwombe. Akikataa tena, niende na wengine, kisha mara ya tatu. Akishikilia, nimwache, na sasa mwenye kosa ni yeye. Angekuwa mwalimu wangu ningerudi hata mara elfu. Na kama ameshakufa? Nichukue watu kumi hadi kaburini kwake, niseme mbele yao kwamba nimemkosea Mungu na huyu fulani kwa jambo hili, na zile 50,000 niwape warithi wake. Kama hana warithi wanaojulikana, naziweka kwa mahakama, pamoja na kuungama.

Hayo yote yanatakiwa yawe yamefanyika kabla ya jua kuzama tarehe 20. Kesho yake usiku, nyota zikishaonekana, shofari inalia mara moja, mlio mrefu, na watu wanakwenda kula. Wengine, kabla ya kulala, wanapigilia kigingi cha kwanza cha kibanda cha sikukuu ya vibanda, iliyobakiza siku nne tu.