Je, wajua? Ombi la kubadilisha saa za kazi likikataliwa Uingereza

"Kwa nini barua ya kumkatalia mfanyakazi ombi la saa nafuu huko Uingereza inajaa sababu za kibiashara, halafu mwishoni inamwambia akate rufaa?"

Kwa sababu sheria haimruhusu mwajiri kukataa kwa sababu yoyote aipendayo. Sheria ya Haki za Ajira ya 1996 inataja sababu nane tu. Miongoni mwake ni gharama za ziada, kushindwa kuwahudumia wateja ipasavyo, kushindwa kuwagawia wafanyakazi waliopo kazi hiyo, na kutokuwepo kazi ya kutosha katika saa zinazoombwa. Sababu iliyo nje ya hizo nane haifai, hata kama meneja anaiona ya maana sana. (Ireland ya Kaskazini ina sheria yake.)

Tuseme mhudumu wa simu anaomba asifanye kazi Jumatatu. Barua mbovu itamjibu: "Mahitaji ya biashara hayaruhusu." Hapo hajaambiwa kitu. Barua nzuri itasema kwamba Jumatatu simu huwa karibu mara mbili ya siku nyingine, wahudumu ni wanne, watatu wakibaki wateja watasubiri mno, na wenzake wameulizwa kama wanaweza kubadilishana naye siku wakasema hawawezi. Kisha itaeleza kama Ijumaa ingewezekana badala yake. Tangu tarehe 6 Aprili 2024, mwajiri analazimika kuzungumza na mfanyakazi kabla ya kukataa, kwa hiyo suala la Ijumaa lilipaswa kujadiliwa mapema, si kuibuka kwenye barua.

Maelezo hayo ndiyo yanayoipa rufaa maana. Kwa kawaida mahakama ya kazi haimpangii mwajiri namna ya kuendesha biashara yake, ila inaangalia kama uamuzi umejengwa juu ya taarifa za kweli. Mhudumu wetu akionyesha kwamba takwimu za simu ni za mwaka juzi, kabla wateja hawajaanza kuhudumiwa mtandaoni, hoja ya mwajiri inayumba. Akiwa ameandikiwa "mahitaji ya biashara" tu, angeshika wapi?

Rufaa yenyewe haijaandikwa katika sheria kama lazima. Inatokana na mwongozo wa Acas, taasisi ya umma inayoshughulikia ushauri na usuluhishi kazini, na mahakama huuzingatia mwongozo huo. Kwangu mimi, rufaa inayorudi kwa meneja yuleyule aliyekataa haina uzito. Inapowezekana, aisikilize mtu ambaye hakuhusika mwanzo.

Wengi hukwama kwenye muda. Sheria inatoa miezi miwili tangu ombi lipokelewe, na rufaa imo ndani ya miezi hiyo. Mwajiri anayetuma barua ya kukataa wiki ya nane amejibakizia siku chache mno za kusikiliza rufaa, na kuongeza muda kunahitaji mfanyakazi akubali. Akichelewa bila makubaliano hayo, anaweza kuamriwa kulipa fidia isiyozidi mshahara wa wiki nane, hata kama sababu yake ya kukataa ilikuwa halali kabisa.