SWOT ya duka dogo: kutoka orodha ndefu hadi mambo matatu ya kuanza nayo

Wafanyabiashara wengi wanaokuja kwenye kitengo chetu cha ushauri huja na SWOT yao tayari. Ni karatasi iliyogawanywa mara nne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Kwenye nguvu kumeandikwa "huduma nzuri" na "eneo zuri". Kwenye udhaifu, "mtaji mdogo". Kwenye fursa, "kufungua tawi" na "kuuza mtandaoni". Kwenye vitisho, "ushindani". Nikiuliza kesho asubuhi duka likifunguliwa kitafanyika nini tofauti kwa sababu ya karatasi hiyo, tunatazamana.

Si tatizo la wenye maduka madogo peke yao. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uingereza, Hill na Westbrook, walichapisha matokeo ya kufuatilia kampuni zilizokuwa zimefanya uchambuzi huu, nyingine zikisaidiwa na washauri wa kulipwa. Walikuta orodha ndefu, maneno ya jumla, hakuna kipengele kilichopewa uzito kuliko kingine, na hakuna kampuni iliyoitumia orodha hiyo katika hatua zilizofuata za kupanga. Kama kampuni zenye washauri wa kulipwa zilikwama hapo, mwenye duka asijilaumu. Abadili tu namna ya kuifanya.

Tuchukue duka la mfano. Linauza vifaa vya shule na vya ofisi, lina mwenye duka na msaidizi mmoja, na aina 320 za bidhaa kwenye rafu. Orodha yake ya kwanza ilikuwa ile ile niliyoitaja hapo juu, karibu neno kwa neno.

Kazi ya kwanza ni kulidai ushahidi kila neno lililo kwenye karatasi. "Huduma nzuri" kwa nani, na ukilinganisha na nani? Kwa siku 14 msaidizi aliweka daftari kando ya droo ya fedha. Kila mtu aliyeondoka bila kununua aliandikwa mstari mmoja: aliulizia nini, na kwa nini hakununua. Daftari hilo lina thamani kuliko mkutano wa siku nzima, maana duka hurekodi mauzo lakini halirekodi mauzo yaliyoponyoka. Siku 14 zilipoisha kulikuwa na mistari 61. Watu 38 walikosa bidhaa kwa sababu ilikuwa imeisha, 15 waliona bei ni kubwa, na 8 walikuwa na sababu nyingine. Katika wale 38, watu 27 walitafuta bidhaa zile zile tano, zikiwemo rimu za karatasi na bahasha kubwa. Mwenye duka alikuwa ameapa kwamba wateja wanakimbia bei.

Kisha ukaja ule "mtaji mdogo", kipengele ninachokishuku kuliko vyote, maana kipo karibu kwenye kila SWOT niliyowahi kusoma. Tulijumlisha bidhaa kwa bei ya kununulia, fedha taslimu na madeni ya wateja. Kati ya kila sehemu 100 za mtaji huo, 26 zilikuwa kwenye bidhaa zilizododa, yaani aina 88 ambazo hazikuuzwa hata moja kwa siku 90. Sehemu nyingine 18 zilikuwa mikononi mwa wateja waliochukua kwa mali kauli. Karibu nusu ya mtaji haizunguki. Neno likabadilika kutoka "mtaji mdogo" hadi "mtaji umekwama", na mabadiliko hayo madogo yanageuza uamuzi mzima. Mtaji mdogo unakupeleka kutafuta mkopo. Mtaji uliokwama unakupeleka kwenye rafu zako mwenyewe, ukiwa na kalamu.

Upande wa nguvu nao ulisafishwa. "Huduma nzuri" ikawa hivi: ofisi nne hupiga simu na kupelekewa vifaa siku hiyo hiyo, na zinaleta theluthi moja ya mauzo. Hiyo ni nguvu inayoonekana. Lakini ofisi moja kati ya hizo nne inabeba karibu nusu ya theluthi hiyo, na hulipa baada ya siku 45, kwa hiyo sehemu kubwa ya lile deni ni lake. Kitu kimoja kikawa nguvu na udhaifu kwa wakati mmoja. Usilazimike kukichagulia upande. Kiandike pande zote mbili.

Kosa la kawaida kuliko yote liko kwenye fursa. "Kufungua tawi" si fursa. Ni jambo unalotaka kufanya. Fursa ni hali iliyo nje ya duka ambayo ingekuwepo hata kama wewe usingekuwepo. Jaribio ni rahisi: mfute mwenye duka kwenye sentensi uone kama bado ina maana. "Shule zinafunguliwa baada ya wiki 10" inabaki. "Jengo la jirani linapokea ofisi mpya 11" inabaki. "Kuuza mtandaoni" inaanguka, kwa hiyo inatolewa na kuwekwa pembeni. Vitisho vipimwe vivyo hivyo. "Ushindani" ukageuka kuwa duka kubwa lililofunguliwa mtaa wa pili. Msaidizi alikwenda akalinganisha bei za bidhaa 20, akakuta wao ni nafuu kwa bidhaa 13 kati ya hizo, hasa madaftari, na hawapeleki mzigo kwa mteja.

Sasa karatasi ina vipengele saba au vinane vyenye ushahidi. Hapa wengi huishia, na hapa ndipo kazi inaanza. Mwaka 1982 Heinz Weihrich alipendekeza pande hizi nne zisisomwe kila moja peke yake, bali zipandanishwe: cha ndani kikutanishwe na cha nje, na kila makutano yaulizwe yanadai kitendo gani.

Kwenye duka letu, bidhaa zinazoisha zikikutana na duka kubwa jirani, zinatoa picha ya kutisha. Mteja anayekosa rimu kwako anakwenda kuitafuta kule, na akiwa kule anaona bei ya madaftari. Wewe mwenyewe ndiye uliyemtuma. Mtaji uliokwama ukikutana na shule kufunguliwa maana yake ni kufika msimu mkubwa bila fedha ya kujaza rafu. Usafirishaji wa siku hiyo hiyo ukikutana na zile ofisi 11 unaonekana kama zawadi. Na ukikutana na duka kubwa, unakuonyesha usishindane kwa bei ya madaftari, ushindane pale ambapo wao hawaendi.

Mwenye duka alitaka kuanza na ofisi mpya. Ndilo jambo la kuvutia, na kama tungetoa alama za moja hadi tano kwa kila makutano, lingeshinda. Ndiyo sababu siamini sana alama. Zinasaidia watu wabishane kwa utaratibu, lakini hazioni kipi kinakitangulia kipi. Badala yake tulichora mishale: nini kinasababisha nini? Bidhaa tano zinaisha kwa sababu siku ya kuagiza hakuna fedha. Hakuna fedha kwa sababu imelala kwenye aina 88 na kwenye deni. Na ofisi mpya zikija zitataka kuchukua kwa mali kauli kama zile za zamani. Duka likizikimbilia leo litaongeza deni, rafu zitazidi kuwa tupu, na lile jambo zuri litalizamisha. Kipengele chenye mishale mingi inayotoka ndicho cha kwanza, hata kama hakivutii.

Kwa hiyo kipaumbele cha kwanza kikaandikwa hivi: kufikia mwisho wa wiki ya 6, aina 88 zilizododa zipungue hadi 30, kwa kuziuza chini ya bei ya kununulia pale inapobidi. Mwenye duka aliumia kusikia hivyo. Hesabu ikamtuliza: akiuza theluthi mbili ya thamani ya bidhaa hizo kwa nusu ya bei aliyonunulia, anapata karibu sehemu 9 kati ya zile 100 za mtaji. Kujaza bidhaa tano zinazotafutwa kunahitaji 6. Hasara ilikwishatokea siku bidhaa zilipododa. Kinachofanyika sasa ni kuacha kuilipia nafasi ya rafu.

Cha pili ni bidhaa tano zisiishe tena, na hilo linataka namba ya kuagizia, si ahadi ya kuwa makini. Rimu zinauzwa 4 kwa siku na msambazaji huchukua siku 5 kuleta. Zinahitajika 20 za kusubiria mzigo, na akiba ya siku 3, yaani 12. Zikibaki 32, msaidizi anaagiza bila kumsubiri mwenye duka. Namba hiyo imeandikwa kwa kalamu nene kwenye ubao wa rafu. Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa inapigwa hesabu upya, kwa sababu mauzo ya siku hayatakuwa 4.

Cha tatu ni deni. Lishuke kutoka sehemu 18 hadi 10 ndani ya wiki 10, ile ofisi kubwa ikiombwa kulipa nusu inapoagiza. Inaweza kukataa. Mwenye duka aliamua mapema kwamba akikataliwa ataweka kikomo cha kiasi inachoweza kuchukua kabla ya kulipa, lakini hataivunjia uhusiano. Uamuzi wa namna hiyo ufanywe ukiwa umekaa, si mteja akiwa kwenye simu.

Ofisi 11 hazikufutwa. Zilikwenda kwenye orodha ya kusubiri, pamoja na sharti la kuzirudisha: deni likifika 10, ofisi mbili za kwanza zinatembelewa. Tawi na mauzo ya mtandaoni yako huko huko, yakiwa bado hayana sharti, na kipengele kisicho na sharti kinafutwa baada ya miezi mitatu.

Wiki ya 7 lile daftari la walioondoka mikono mitupu linarudishwa kando ya droo kwa siku 14 nyingine. Waliokosa bidhaa wakiwa chini ya 15, mishale ilichorwa sawasawa. Wakibaki 30 na zaidi ilhali rafu zilikuwa na fedha ya kujazwa, basi chanzo si mtaji. Hapo anayechunguzwa ni msambazaji na siku zake 5 ambazo pengine ni 9, na mishale inachorwa upya kuanzia kwake.