Msimamizi akikuandikia "You might want to", huenda amekuagiza

Mtunza ghala mmoja wa Kasulu, mwanafunzi wetu wa darasa la jioni hapa Kigoma, alipata baruapepe kutoka kwa msimamizi wake Mwingereza: "You might want to recount the blankets before Thursday." Akaisoma neno kwa neno, kama wengi wetu tulivyofundishwa shuleni. Huenda ukataka kuhesabu tena blanketi kabla ya Alhamisi. Yeye hakutaka, maana alikwisha kuzihesabu Jumatatu. Alhamisi lori likapakiwa, marobota mawili hayakuonekana, na akaulizwa kwa nini hakutekeleza agizo. "Agizo lipi, mwalimu?" Ndivyo alivyoniuliza darasani, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Lilikuwa agizo. Waingereza wengi kazini hutoa amri kwa sura ya ushauri, ili mkubwa asionekane anamsukuma mdogo. Dalili zake zipo. Kazi iliyotajwa ni ya kwako, anayesema ana mamlaka juu yake, na kuna siku ya mwisho. Jaribu kimoyomoyo kumjibu "hapana, asante". Ukiona jibu hilo litakuwa sawa na kukataa kazi, basi umeagizwa, hata kama sentensi ina "might". Ukibaki na shaka, uliza kwa kifupi: "Shall I do it today?"

Maneno hayohayo akiambiwa mgeni sokoni, "You might want to try the migebuka", ni ushauri mtupu, kwa sababu faida ni ya mgeni na akikataa hakuna anayeumia. Tena mwenyeji akimwambia "You must try the migebuka", mgeni hufurahi, ingawa "must" ni zito kuliko yote. Lihamishie "must" hilohilo kwa mkubwa wako, "You must send me the form", na umemkosea adabu. Kwa hiyo usipime neno peke yake. Angalia pia jambo linaloombwa linamfaidi nani na linamgharimu nani.

Sasa tugeuze upande. Kijana yule alikuwa akimwandikia msimamizi, "I want you to sign the gate pass today." Hakuwa na kiburi. Kwa Kiswahili angesema "naomba unisainie", na neno "naomba" lingebeba adabu yote. Kiingereza hakina "naomba" ya namna hiyo kwa matumizi ya kila siku, kwa hiyo adabu huwekwa kwenye kitenzi kisaidizi. "Can you sign it?" inauliza kama anaweza. "Could you sign it?" inauliza hilohilo kwa umbo la wakati uliopita, ingawa jambo ni la leo, na hapo ndipo ulaini unapotoka.

Hili si geni kwetu. Mtu akisimama mlangoni kwa mkubwa husema, "Nilikuwa naomba ruhusa ya Ijumaa," ilhali anaomba sasa hivi. Wakati uliopita unalisogeza ombi mbali kidogo, na anayeombwa anapata nafasi ya kukataa bila kumvunjia mwenzake heshima. Sentensi "I was wondering if I could take Friday off" imejengwa kwa fikra hiyohiyo: "was" na "could" zinarudi nyuma, na "if" inaacha mlango wazi. Itunze kwa maombi mazito. Kusaini kibali ni kazi ya msimamizi ya kila siku, kwa hiyo "Could you sign the gate pass today, please?" inatosha kabisa.

"Please" peke yake haifanyi kazi hiyo. "Please sign it" bado ni amri, ila yenye adabu. Na "kindly", tunayoipenda sana maofisini, masikioni mwa Waingereza wengi husikika kama karipio.

Ulaini una mpaka wake, na mpaka huo nausisitiza kila muhula. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca namba 52, kutoka Kolombia, ilikuwa ikiishiwa mafuta karibu na New York. Rubani msaidizi alitaja mafuta kwa mwongozaji wa ndege, lakini hakutamka kwamba ni dharura. Alipoulizwa kama njia aliyopangiwa inafaa kwa mafuta waliyobaki nayo, alijibu, "I guess so, thank you very much." Maana yake ni "nadhani hivyo". Ndege ilianguka, na kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walifariki. Wachunguzi waliitaja dharura hiyo ambayo haikutangazwa kuwa miongoni mwa sababu.

Mvua za masika zilipofika, paa la ghala la Kasulu likaanza kuvuja juu ya unga. Mtunza ghala alimwandikia msimamizi wake sentensi mbili, akanionyesha baadaye: "The roof is leaking on the flour. We need a tarpaulin before tonight." Hamna "might" wala "possibly" ndani yake. Turubai lilifika saa kumi jioni.