Saa ya Valvu Kufunguka na Kufungwa: Jinsi VVT-i Inavyoongeza Nguvu na Kupunguza Mafuta

Magari mengi ya Toyota tunayoyaona kila siku barabarani, kama IST, Probox, Fielder na Premio yenye ujazo wa lita 1.5, yanatumia injini ya 1NZ-FE. Juu ya mfuniko wake kumeandikwa VVT-i, jina la mfumo wa Toyota wa kubadilisha saa ya valvu kufunguka na kufungwa. Wamiliki wengi wanajua kwamba maandishi hayo yanahusiana na kubana mafuta, lakini wachache wamewahi kuelezwa kinachobadilika hasa ndani ya injini. Tutaitumia injini hiyo hiyo kama mfano, kwa sababu vipimo vyake vinajulikana na mtu yeyote mwenye fundi makini anaweza kuuthibitisha mfumo huu akiwa gereji.

Kila silinda ya 1NZ-FE ina valvu mbili za kuingiza hewa na mbili za kutoa moshi. Valvu hizo husukumwa na kemshafti mbili, moja ya upande wa hewa na nyingine ya upande wa moshi, na zote huzungushwa na cheni inayotoka kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Mafundi hupima wakati wa kufunguka na kufungwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenki. Pistoni inapokwenda kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, krenki huwa imezunguka nyuzi 180.

Mtu angetegemea valvu ya hewa ifunguke pistoni ikianza kushuka na ifungwe mara inapofika chini. Haiwi hivyo, kwa sababu hewa ina uzito na ikishapata mwendo haisimami papo hapo. Ni kama abiria wanaosukumana kuingia daladala: waliotangulia wakisimama, walio nyuma bado wanasonga mbele. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hewa iliyomo kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, inakwenda kwa kasi kubwa, na inaendelea kujisukuma ndani ya silinda hata baada ya pistoni kuanza kupanda. Valvu ikichelewa kufungwa, silinda inajaa zaidi. Kwa kasi hiyo mzunguko mmoja mzima wa krenki huchukua sehemu kumi tu za elfu ya sekunde, kwa hiyo kila nyuzi inayoongezwa ina thamani.

Sasa chukua injini hiyo hiyo ikizunguka mara 1,500, gari likipanda mlima na dereva amekanyaga mafuta. Hewa inaingia polepole na haina msukumo wa kutosha. Valvu ikichelewa kufungwa, pistoni inayopanda inairudisha hewa kwenye manifoldi. Kiasi kinachopotea si kidogo. Katika 1NZ-FE, valvu ya hewa ikiwekwa kwenye nafasi yake ya kuchelewa kabisa, hufungwa nyuzi 52 baada ya pistoni kufika chini. Pistoni hiyo husafiri milimita 84.7 kutoka juu hadi chini, na kwa nyuzi 52 inakuwa imeshapanda takriban milimita 12. Ikiwekwa kwenye nafasi ya kuwahi kabisa, hufungwa nyuzi 12 tu baada ya kufika chini, wakati pistoni haijapanda hata milimita moja. Karibu hewa yote iliyoingia inabaki ndani, inabanwa na kuchomwa, na gari linavuta.

Injini za zamani hazikuwa na njia ya kupata faida zote mbili. Mtengenezaji alichagua saa moja ya valvu na kuifunga hapo. Aliyetaka gari la mbio aliichelewesha, na gari likawa zito kuondoka. Aliyetaka gari la kubeba mizigo aliiwahisha, na injini ikaishiwa pumzi kwenye mwendo mkubwa. Alfa Romeo walikuwa wa kwanza kuuza gari lenye saa ya valvu inayobadilika, mwaka 1980, na Toyota walianza kutumia VVT-i katikati ya miaka ya 1990.

Kwenye 1NZ-FE kinachobadilika ni kemshafti ya upande wa hewa peke yake. Gea yake ya mbele haikushikana moja kwa moja na kemshafti. Ndani yake kuna vyumba vidogo vyenye mabawa: ganda la nje linazungushwa na cheni, na mabawa yamefungwa kwenye kemshafti. Oili ya injini ikisukumwa upande mmoja wa mabawa, kemshafti inazungushwa kidogo mbele ya cheni na valvu zinawahi. Ikisukumwa upande wa pili, zinachelewa. Nafasi yote ya kusogea ni nyuzi 40 za krenki. Muda ambao valvu inakaa wazi haubadiliki, ni nyuzi 225 daima, wala kimo cha kufunguka hakibadiliki. Dirisha zima la nyuzi 225 ndilo linalosogezwa mbele au nyuma.

Anayeelekeza oili ni valvu ndogo ya umeme ambayo mafundi huiita OCV. Kompyuta ya gari husoma sensa ya krenki na sensa ya kemshafti, hulinganisha nafasi zake, kisha huongeza au kupunguza umeme wa OCV hadi kemshafti ifike inapotakiwa. Injini ikiwa baridi, kompyuta huiacha kemshafti kwenye nafasi ya kuchelewa. Kwa hiyo gari linalofanya safari fupi fupi, likizimwa kabla halijapata joto, hupata sehemu ndogo tu ya faida ya mfumo huu.

Kuhusu mafuta, sababu yenyewe iko mahali ambapo wengi hawaitafuti. Gari likitembea taratibu kwenye barabara tambarare, kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta kinakuwa kimefungwa karibu chote. Pistoni zinavuta hewa kupitia upenyo mwembamba, na ndani ya manifoldi shinikizo linashuka chini sana ya lile la hewa ya nje. Kila pistoni inayoshuka inavutana na ombwe hilo, na kazi hiyo inalipiwa na petroli bila kuisogeza gari hata hatua moja.

Hapo ndipo kuwahisha valvu ya hewa kunaposaidia kwa namna nyingine. Valvu ya moshi ya 1NZ-FE hufungwa nyuzi 2 baada ya pistoni kufika juu. Valvu ya hewa ikiwahishwa hadi mwisho, hufunguka nyuzi 33 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa nyuzi 35 basi, valvu zote mbili zinakuwa wazi kwa pamoja. Sehemu ya moshi uliokwisha kuungua inavutwa na lile ombwe, inaingia kwenye manifoldi, kisha inarudi ndani ya silinda pamoja na hewa mpya. Moshi huo hauungui tena, lakini unachukua nafasi. Ili injini ipate hewa mpya ile ile iliyokuwa ikiihitaji, kilango hufunguliwa zaidi kidogo, ombwe linapungua, na pistoni hazihangaiki kuvuta. Moshi huo pia hupunguza joto la mlipuko, na hivyo hupunguza gesi za naitrojeni zenye sumu zinazotoka kwenye ekzosi.

Mbinu hii ina mpaka wake. Injini ikinguruma gari limesimama, hewa mpya inayoingia ni kidogo mno, na moshi ukiongezwa hapo moto hauwaki sawasawa. Ndiyo maana wakati huo kompyuta huichelewesha valvu ya hewa hadi ifunguke nyuzi 7 baada ya pistoni kufika juu, wakati valvu ya moshi imeshafungwa tangu nyuzi 2. Hakuna wakati ambao zote mbili ziko wazi.

Ukielewa hilo, unaelewa pia jaribio ambalo fundi hutumia kuupima mfumo huu. Injini ikishapata joto na ikiwa inanguruma, chomoa soketi ya nyaya mbili iliyo kwenye OCV, upande wa cheni. Mngurumo haupaswi kubadilika, kwa sababu OCV isiyo na umeme huielekeza kemshafti kwenye kuchelewa, na huko ndiko ilikokuwa tayari. Kisha ipelekee OCV umeme wa betri wa volti 12 kwa sekunde chache, kwa nyaya zenye fyuzi. Kemshafti itawahi hadi mwisho, moshi utarudi ndani, na injini itatetemeka au kuzima kabisa. Injini ikitetemeka au ikizima, mfumo unafanya kazi. Isipobadilika chochote, oili haifiki au kuna kilichokwama. Jaribio hili huacha kodi ya hitilafu kwenye kompyuta, kwa hiyo ifute baadaye.

Kwenye magari yaliyotumika sana, kinachoharibu mfumo huu mara nyingi ni oili. Oili iliyokaa muda mrefu hutengeneza tope jeusi, na tope hilo huziba kichujio kidogo cha OCV au hukwamisha kipande kinachoteleza ndani yake. OCV ikikwama kwenye kuchelewa, dereva anaweza asigundue chochote kwa miezi: gari linanguruma vizuri, ila limekuwa zito mlimani na linakula mafuta zaidi, na mashine ya kusomea kodi huonyesha P0012. Ikikwama kwenye kuwahi, dalili haijifichi. Injini inatetemeka ikisimama kwenye taa, inazima, na kodi huwa P0011. Magari ya miaka ya mwanzo huonyesha P1349 kwa matatizo ya aina hii.

Kabla ya kununua OCV mpya, angalia kwanza kijiti cha oili. Oili ikiwa pungufu, shinikizo halitoshi kusukuma mabawa. Kisha zima injini na uifungue OCV. Inashikiliwa na boliti moja ya spana namba 10. Pima ukinzani kati ya pini zake mbili: kwenye nyuzi joto 20 unatakiwa kuwa kati ya omu 6.9 na 7.9. Ukiwa sahihi, igusishe na betri kwa muda mfupi na uangalie kama kipande cha ndani kinasogea na kurudi chenyewe. Kama kimekwama, isafishe, badilisha oringi yake, na usisahau kichujio chake kilichofichwa nyuma ya boliti pembeni ya kichwa cha silinda. Gereji nyingi hukiruka kichujio hicho, na gari hurudi baada ya muda mfupi na kodi ile ile.

Baada ya hapo weka oili mpya na filta mpya. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na daraja linalofaa ni 5W-30. Oili nzito kama 20W-50 inapendwa sana kwa injini zilizochoka, lakini inapita kwa shida kwenye vijia vyembamba vya VVT-i, hasa asubuhi, na kemshafti inafika kwenye nafasi yake kwa kuchelewa.

Kuna makosa mawili ambayo kusafisha OCV hakuyaponyi. La kwanza ni mgongano mfupi unaosikika mbele ya injini mara tu unapowasha na kupotea punde. Ndani ya gea kuna pini inayoishikilia kemshafti kwenye kuchelewa hadi oili ipate shinikizo. Pini hiyo ikilika, mabawa yanagonga kuta za vyumba vyake, na dawa ni kubadilisha gea. La pili ni kodi P0016, inayosema kwamba krenki na kemshafti hazikubaliani hata pale zinapotakiwa kulingana. Mara nyingi cheni imerefuka au imeruka jino. Hapo fungua mfuniko wa cheni uangalie alama za taimingi, kwa sababu kompyuta haiwezi kurekebisha kemshafti ambayo mahali pake pa kuanzia pameshahama.