Zimwi Likujualo: Kwa Nini Hupendwa Kilichozoeleka

Dereva wa daladala ninalopanda asubuhi ana flashi moja, na nadhani haijabadilishwa nyimbo tangu mvua za masika. Kuna wimbo mmoja humo ambao siku ya kwanza haukunivutia. Sauti ya mwimbaji niliiona kama ya mtu anayelalamikia jino. Wiki ya tatu mke wangu akaniuliza ni wimbo gani ule ninaouimba nikiosha vyombo. Ulikuwa uleule.

Wimbo haukubadilika hata noti moja. Hakuna aliyenieleza uzuri wake, wala sikupata faida yoyote kwa kuusikia. Jambo hili sisi wanasaikolojia tunaliita athari ya mazoea matupu. Ni matupu kwa sababu hayana zawadi wala mafunzo ndani yake. Ni kukutana na kitu tena na tena, basi.

Msomaji makini atanipinga hapa. Pengine wimbo ulikuwa mzuri tangu mwanzo, ila masikio yangu yalichelewa. Pengine hata dereva anaurudia kwa kuwa ni mzuri. Pingamizi hilo ni zito, kwa sababu maishani vitu vizuri ndivyo vinavyorudiwa zaidi, na ukiangalia kwa macho tu huwezi kujua kipi kimeanza. Aliyetafuta njia ya kuvitenganisha ni Robert Zajonc, mwanasaikolojia mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Marekani na kuchapisha andiko lake maarufu kuhusu suala hili mwaka 1968.

Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Rajecki walitumia magazeti ya wanafunzi ya vyuo vikuu viwili vya jimbo la Michigan. Kwa wiki kadhaa, wasomaji walikuta kwenye gazeti kisanduku chenye neno moja lisilo na maelezo: kadirga, saricik, nansoma na mengine ya aina hiyo, maneno yasiyo na maana yoyote kwao. Neno moja lilitokea mara moja tu, jingine mara mbili, mengine mara tano, kumi, hadi ishirini na tano. Baadaye wasomaji wakaulizwa: unadhani neno hili lina maana nzuri au mbaya? Yaliyotokea mara nyingi yakadhaniwa kuwa na maana nzuri zaidi.

Lakini ufundi wenyewe ulikuwa katika mpangilio. Neno lililotokea sana katika gazeti la chuo kimoja ndilo lililotokea kwa nadra katika gazeti la chuo cha pili, na kinyume chake. Kwa hiyo huwezi kusema neno fulani lilipendwa kwa kuwa lina mlio mtamu, maana mlio ni uleule kwenye vyuo vyote viwili. Kilichotofautiana ni idadi ya mara lilivyoonekana. Pingamizi letu la wimbo hapo linakosa pa kusimama.

Kwa nini iwe hivyo? Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na maelezo ya Zajonc mwenyewe hayako mbali na hapo. Kiumbe chochote hukutana na kitu kigeni kwa tahadhari. Kikija mara ya pili na ya tatu bila kuleta dhara, tahadhari inalegea, na ule unafuu tunauhisi kama kupenda. Wengine wanaongeza kwamba kitu tulichokwisha kukutana nacho akili hukitambua kwa wepesi, nasi tunaudhania wepesi huo kuwa ni uzuri wa kitu chenyewe.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba si lazima hata ukumbuke. Mwaka 1980 Zajonc na Kunst-Wilson waliwaonyesha watu maumbo yenye pembe kwa muda mfupi mno, sehemu moja ya elfu ya sekunde. Walipoulizwa ni umbo lipi waliwahi kuliona, walibahatisha tu, kama mtu anayerusha shilingi. Walipoulizwa ni lipi wanalipenda zaidi, takriban mara sita kati ya kumi walichagua lile lililokwisha kupitishwa mbele ya macho yao. Kwa hiyo mtu akikuambia “hili nalipenda tu, sijui kwa nini”, huenda anasema kweli tupu.

Sasa, wahenga haohao walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hawakukosea. Mazoea yana kilele. Mara chache za mwanzo ndizo zinazoongeza sana. Baada ya hapo kila marudio huongeza kidogo, kisha huja kuchoka. Katika utafiti mmoja wa muziki uliochapishwa mwaka 2004, watu waliosikiliza vipande kwa makini walivipenda zaidi mwanzoni, lakini vilipofika marudio 32 hamu ilikuwa imeshuka. Wale waliosikia vipande hivyo kwa mbali, akili zao zikiwa kwenye shughuli nyingine, waliendelea kuvipenda zaidi. Ndiyo maana wimbo wa daladala umenidumu. Sikuwahi kuusikiliza, nilikuwa nawaza tu nitafika saa ngapi.

Kwa majirani mambo yana utata zaidi. Utafiti unaotajwa sana ulifanywa baada ya Vita vya Pili katika nyumba za Westgate, walimoishi wanafunzi wenye familia wa chuo cha MIT. Wakazi hawakuchagua majirani zao. Hata hivyo, kati ya waliopakana mlango kwa mlango, 41 kati ya kila 100 walitajwa kuwa marafiki wa karibu. Kwa waliokaa ncha mbili za korido moja, ni 10 tu, ingawa mwendo wenyewe haufiki mita 30. Waliokaa karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu, kwa kuwa wa juu walipita mlangoni kwao kila siku.

Hata hivyo, majirani huombana chumvi na kupiga soga, hivyo si mazoea matupu hayo. Watafiti Moreland na Beach walilisafisha swali hilo mwaka 1992. Wanawake wanne wenye sura zinazolingana walipangiwa kuhudhuria somo moja chuoni: mmoja hakwenda kabisa, wengine walikwenda mara tano, kumi na kumi na tano. Hawakuzungumza na yeyote. Mwisho wa muhula wanafunzi walipoonyeshwa picha zao hawakuwatambua hasa, lakini aliyehudhuria zaidi ndiye aliyewavutia zaidi.

Huku ofisini huniuliza watu: basi jirani anayefungulia spika hadi saa saba usiku nimvumilie, nitamzoea? Hapana. Watafiti waliopima urafiki na uadui katika makazi ya California miaka ya 1970 walikuta kwamba watu wasiopendwa nao huishi karibu, tena karibu kuliko marafiki, kwa sababu ni wa karibu ndiye anayeweza kukuharibia usingizi. Majaribio ya maabara yanasema vivyo hivyo: kitu kisichokuudhi mwanzoni hupanda kwa kurudiwa, lakini kilichokuudhi kinaweza kushuka zaidi kila kinaporudi.

Kelele zenyewe huenda ukazizoea. Yeye hutampenda kwa njia hiyo. Mwendee mapema, wiki ya kwanza, kabla chuki haijapata marudio ya kutosha, mwelewane kuhusu spika. Yakiisha hayo, kusalimiana getini kila asubuhi kunaweza kufanya kazi yake, hata kama hamna la kuzungumza.